Skana ilinipa hisa yenye voliumu milioni 1 kwa siku, kuuza hisa 400 tu ikawa kesi. Mnachujaje hizi hisa za Marekani?

Mjukuu_wa_Pangani
Wakuu habari za jioni. Nina miezi saba kwenye hisa za Marekani, nilianza kwa kufuata listi za watu Telegramu nikachoka, nikaamua nijifunze kuchuja mwenyewe. Soko lile lina hisa elfu kadhaa huwezi kupitia chati moja moja, kwa iyo natumia skana ya bure ya Finviz. Nikaweka filta tatu tu, `Average Volume` Over 1M, `Price` chini ya 5 kwa sababu mtaji wangu mdogo, na `Average True Range`, ule wastani wa mwendo wa bei kwa siku, Over 0.25 ili nipate zinazotembea. Zikatoka kama arobaini nikachagua moja yenye chati nzuri.

Nikanunua hisa 400 kwa 3.90, stopu nikaweka 3.70, yaani nikikosea naumia dola 80 nalala. Bei ikashuka taratibu tu, wala hakukuwa na habari yoyote, stopu ikaguswa, kuja kuangalia nimeuziwa kwa wastani wa 3.41!! Dola 196 zimeenda. Broka nimemwandikia akasema oda ilijazwa kwa bei zilizokuwepo sokoni. Sasa hisa inayouzwa milioni moja kwa siku inakosaje mtu wa kununua hisa zangu 400? Nimeibiwa au kuna kitu sikioni?

ChumaChaReli
Pole mkuu. Hapo kosa ni penny stoku, hisa chini ya dola 5 kaa nazo mbali kabisa. Mimi filta yangu ni bei zaidi ya 10 na average volume zaidi ya milioni 1, basi, imeisha hiyo. Mwaka wa tatu huu sijawahi kukwama kutoka. Watu wanajaza filta ishirini halafu wanabaki na hisa mbili, mambo mengi ya nini.

Fundi_Saa
Hiyo Finviz inakubali XAUUSD? Naona mnaongelea skana na mimi dhahabu inanisumbua sana hasa saa za London

ChumaChaReli
Fundi hii ni hisa ndugu yangu, dhahabu kafungue uzi wake 😂

Bi_Hesabu
Mjukuu, kabla hujamlaumu broka fanya kitu kimoja. Fungua chati ya siku ya hiyo hisa, uweke voliumu chini, rudi nyuma siku 20 za soko uandike hapa voliumu ya kila siku. Usitaje jina la hisa kama hutaki, namba zinatosha. Nina hisia najua utakachokuta.

Mjukuu_wa_Pangani
Dada nimefanya. Aisee. Siku 19 zote zinacheza kwenye elfu 70 hadi elfu 90, nyingine elfu 80 kamili. Halafu kuna siku moja kama wiki mbili nyuma, milioni 20. Siku hiyo walitangaza kitu cha mkataba, ikaruka asubuhi ikarudi jioni. Sikuwahi hata kuiona hiyo siku maana mimi nilikuwa naangalia chati ya dakika 15.

Bi_Hesabu
Ndiyo hiyo. Sasa piga hesabu na mimi. Siku 19 mara elfu 80 ni 1,520,000. Ongeza ile siku ya milioni 20, jumla 21,520,000. Gawa kwa 20, unapata 1,076,000. Skana imekuambia ukweli kabisa, wastani ni zaidi ya milioni moja. Ila hakuna hata siku moja kati ya zile 20 ambayo hiyo hisa iliuzwa milioni moja! Ama ilikuwa elfu 80 ama ilikuwa milioni 20. Ni sawa na daladala lenye abiria 19 wasio na kitu halafu akapanda Mohammed Dewji, ukisema wastani wa abiria ni bilionea hujadanganya, lakini usiende kukopa kwa konda.

Finviz wenyewe wanatumia wastani wa miezi mitatu sio siku 20, kwa hiyo siku moja ya milioni 20 peke yake isingetosha kufikisha milioni moja, lazima huko nyuma zaidi kuna siku nyingine mbili tatu kama hiyo, ila ugonjwa ni ule ule. Na ubaya ni kwamba filta yako imewekwa namna ya kuzitafuta hizo hizo. Hisa ya chini ya dola 5, wastani mkubwa, mtikisiko mkubwa. Hiyo ndiyo sura ya hisa iliyolipuka siku moja ikafa.

Halafu badilisha hisa kuwa pesa. Elfu 80 mara 3.90 ni dola 312,000 kwa siku. Soko linafunguliwa dakika 390, kwa hiyo ni dola 800 kwa dakika. Oda yako ilikuwa 1,560. Maana yake ulitaka kuuza kwa sekunde moja kitu ambacho soko zima linakiuza kwa dakika mbili, na mchana wa New York ni dakika nyingi zaidi kwa sababu biashara kubwa iko nusu saa ya kwanza na ya mwisho. Uliuza saa ngapi?

Mjukuu_wa_Pangani
Saa mbili na nusu usiku huku Dar. Kule ni saa saba na nusu mchana, sasa hivi wako mbele na masaa yao ya kiangazi.

Bi_Hesabu
Haswaaa. Katikati ya bonde. Stopu yako ikiguswa inakuwa oda ya soko, inakula mnunuzi wa kwanza ana hisa 100, wa pili 100, halafu kuna shimo, wa tatu yuko 3.30 huko. Hujaibiwa.

mwanahisa_mkongwe
Vijana salamu. Mimi nina hisa za CRDB tangu zamani na NMB kidogo, sijawahi kutumia hiyo skana mnayosema. Naomba kuelekezwa naipakua wapi ili nijue hisa ipi ya DSE ina voliumu nzuri.

ChumaChaReli
Shikamoo mzee. Hapa tunaongelea soko la Marekani

Bi_Hesabu
Marahaba yake na mimi niingie 😄 shikamoo mzee wangu. Kwa DSE skana haina kazi, kampuni zote hazijai hata ukurasa mmoja. Chukua ripoti ya soko ya kila siku, ukae na daftari mwezi mmoja, andika mauzo ya kila kaunta kwa shilingi. Utaona mwenyewe nyingi zinapitisha siku bila hisa hata moja kuuzwa, na chache kama hizo ulizonazo ndizo zinatembea. Kule swali sio ipi nichuje, swali ni nikitaka kuuza itanichukua siku ngapi. Ila ule ugonjwa wa wastani uko hadi huko mzee, siku moja taasisi mbili zikibadilishana mzigo mkubwa kwa makubaliano, mauzo ya mwezi yanaonekana makubwa wakati sokoni hakukuwa na mtu.

mwanahisa_mkongwe
Marahaba. Hapo nimekuelewa mwanangu, iliwahi kunipata ya namna hiyo. Nitaendelea kusoma.

Kioko_254
Niaje watu wangu. Uzi mtamu huu. Mimi niko Nairobi na nilijitengenezea skana yangu na Python, mwezi mzima nikashangaa mbona karibu hakuna hisa inapita filta ya milioni 1. Hata zile kubwa kila mtu anajua zinauzwa mamilioni, kwangu zinaonyesha laki mbili laki tatu. Nikadhani programu yangu iko na shida nikaiandika upya mara mbili. Kumbe ile data ya bure nilikuwa navuta ni ya soko moja tu, IEX, na IEX ni asilimia chache tu za biashara yote ya Marekani! Hisa moja ya Nasdaq inauzwa kwenye masoko zaidi ya kumi kwa wakati mmoja na zingine zinauzwa nje ya masoko kabisa. Kama chanzo chako kinaona mlango mmoja, voliumu itakuwa ya mlango mmoja.

Bi_Hesabu
Kioko asante, hii ni muhimu na watu wengi hawaijui. Hata TradingView, kama hujalipia data za masoko yenyewe, zile namba za papo hapo za hisa za Marekani zinatoka Cboe peke yake, sio soko zima. Kujua ni rahisi: chukua hisa moja kubwa, linganisha voliumu ya jana kwenye skana yako na voliumu ya jana kwenye tovuti ya Nasdaq. Zikipishana mara kumi, usiweke kikomo chochote cha voliumu kabla hujajua unaangalia nini.

Fundi_Saa
Basi na mimi nilikuwa naangalia voliumu kwenye MT5, hisa za CFD. Nimeona hisa moja ina voliumu kubwa kuliko jirani zake zote nikasema hii ndiyo yenye ukwasi

Bi_Hesabu
Fundi hiyo kwa broka wengi wa CFD sio hisa zilizouzwa, ni idadi ya mara bei ilipobadilika kwenye seva ya broka. Bei inaweza kubadilika mara elfu tano bila hisa moja kubadili mkono kwake. Chujia hisa nje, kwenye skana inayosoma soko lenyewe, halafu ndiyo uje kuangalia kama broka wako anayo. Na mara nyingi hatakuwa nayo maana wengi wana hisa mia kadhaa tu. Wala sio vibaya, hizo mia kadhaa mara nyingi ni kubwa, umeshachujiwa nusu.

ChumaChaReli
Sawa lakini dada mimi narudi kwenye hoja yangu. Bei zaidi ya 10 voliumu zaidi ya milioni 1 haya yote yanajiondoa yenyewe. Nimekaa miaka mitatu sijapata hilo tatizo.

Bi_Hesabu
Chuma uko sahihi kwa matokeo, sio kwa sababu. Hisa milioni 1 za dola 10 ni dola milioni 10. Kumbe kuna hisa ya dola 250 inauzwa laki 6 tu kwa siku, hiyo ni dola milioni 150, ina ukwasi mara 15 ya ile yako, na filta yako imeitupa nje. Wewe hujakwama kwa sababu unavua sehemu salama, ila wavu wako unaacha samaki wazuri. Idadi ya hisa peke yake haina maana mpaka uizidishe na bei.

Mimi sipimi kabisa `Average Volume`. Nazidisha bei ya kufunga na voliumu kwa kila siku, napata dola za kila siku, halafu kwa siku 60 nachukua mediani, ile namba inayokaa katikati ukizipanga kuanzia ndogo. Siku moja ya kichaa haiwezi kuisogeza. Ile hisa ya Mjukuu mediani yake ni elfu 80, sio milioni. Wastani siutupi lakini, nauweka pembeni nigawanye kwa mediani. Ukiwa karibu na 1 hisa ina tabia moja kila siku. Ikizidi 2 nafungua chati niangalie kulitokea nini. Ya Mjukuu kwa voliumu ingetoa 13 na kitu.

Kioko wewe una Python, ni mistari minne tu:

```python
dola = df["Close"] * df["Volume"]
mediani = dola.tail(60).median()
wastani = dola.tail(60).mean()
uwiano = wastani / mediani
```

Ambaye hana Python, Excel ina `MEDIAN()`. Huwezi kufanya hisa elfu tano kwa mkono, ila unaweza kuchuja kwanza na skana ya bure ukabaki na sitini, halafu hizo sitini ndiyo uzipitie.

Mjukuu_wa_Pangani
Dada hapo nimeelewa kabisa. Sasa na huo mtikisiko? Mimi niliweka ATR over 0.25 nikaona inatosha.

Bi_Hesabu
ATR ya Finviz iko kwa dola, hapo ndipo watu wanateleza. Hisa ya dola 300 yenye ATR ya 3 inatembea asilimia 1 kwa siku, hiyo imelala. Hisa ya dola 12 yenye ATR ya 0.60 inatembea asilimia 5. Ukiweka filta ya ATR Over 1 umebaki na iliyolala umetupa inayotembea. Gawa ATR kwa bei. Kama huwezi, Finviz wana filta nyingine inaitwa `Volatility`, kwa mfano `Month - Over 3%`, hiyo iko kwa asilimia tayari, tumia hiyo.

Na weka na kikomo cha juu. Mimi naanzia asilimia 2.5 naishia 7. Juu ya hapo sio kwamba ni mbaya ila hisa inaweza kusimamishwa dakika tano tano na soko lenyewe ikikimbia sana, stopu yako inasubiri humo ndani, inafunguka bei ya mbali. Wenye ujuzi huo waende, mimi siendi.

ChumaChaReli
Kwenye kikomo cha juu nakataa. Pesa iko huko huko juu ya 7. Januari 2021 GameStop ingekuwa nje ya listi yako yote.

Bi_Hesabu
Ingekuwa nje ndiyo. Na tarehe 28 Januari ilipofika 483 huku broka kadhaa wamezuia watu kununua, ningekuwa nimekaa napika. Nakubali kuna watu walipata, mimi sio mmoja wao na sijutii. Hapo kila mtu na moyo wake.

Kioko_254
Swali kwa huyo dada. Mimi nilichuja hivyo, dola nyingi, ATR kwa asilimia iko sawa, nikapata hisa ya kampuni iliyokuwa inanunuliwa na kampuni ingine. Haikutembea hata kidogo wiki tatu. Filta zote ilipita lakini.

Bi_Hesabu
Eeh huo mtego mzuri. Chukua Twitter ya 2022, kila mtu anaikumbuka. Musk alikuwa amekubali kununua kwa 54.20, akageuka, wakawa mahakamani. Tarehe 4 Oktoba ikajulikana anaendelea kununua, hisa ikaruka kutoka 42 na kitu ikafunga 52. Siku iliyofuata ungeiskani: voliumu kubwa kweli kweli, dola nyingi, ATR imepanda kwa sababu ya ule mruko. Kila filta inasema njoo. Lakini bei sasa ina dari, nani atanunua kwa 58 kitu ambacho Musk analipia 54.20? Ikabaki inafunga siku kati ya 49 na 53 na ushee mpaka tarehe 27 Oktoba biashara ilipofungwa. ATR ya siku 14 inakumbuka mambo yaliyopita, haijui kwamba sababu ya kutembea imeisha.

Kuzigundua: linganisha ATR ya siku 14 na wastani wa upana wa siku tano za mwisho. Kama siku tano za mwisho ni chini ya nusu ya ATR, kuna kitu, soma habari. Mara nyingi ni kununuliwa, au ni hisa iliyolipuka ikapoa.

Fundi_Saa
sasa mbona hii kazi ni kubwa hivi, si bora nifuate tu zile top gainers

ChumaChaReli
Hapo ndipo utakutana na Mjukuu 😂😂

Mjukuu_wa_Pangani
Chuma acha kunitonesha kidonda. Dada nikuombe kitu, unaweza ukatupitisha siku yako moja tu, unaanza na ngapi unamaliza na ngapi?

Bi_Hesabu
Sawa, nitaandika ya Jumapili maana kazi kubwa naifanya Jumapili soko limefungwa, sio kila siku.

Naanza na hisa za kawaida za NYSE na Nasdaq peke yake, natoa ETF, natoa zile za soko la pembeni. Hapo ziko elfu kadhaa. Naweka bei 10 hadi 200. Ile 10 sio uchawi, ila chini yake senti moja ya spredi, lile pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, inakuwa asilimia kubwa, na ndiko kuna kampuni nyingi zinazopunguza idadi ya hisa ili bei isikae chini ya dola 1 wafukuzwe Nasdaq. Hizo nazo zinavuruga voliumu, kama mtoa data hajarekebisha namba za nyuma, hisa iliyokuwa inauzwa milioni 20 kabla ya kuunganishwa kumi kwa moja inaonekana imekufa ghafla, kumbe ni hesabu tu. Halafu mediani ya dola milioni 50 kwa siku, hapo nyingi sana zinaondoka nabaki na mia kadhaa, elfu moja hivi soko likiwa na moto. ATR asilimia 2.5 hadi 7, naondoa na wastani-kwa-mediani uliozidi 2, ninabaki na mia mbili hadi mia nne.

Hiyo ndiyo bwawa langu la wiki nzima. Siibadilishi Jumatatu hadi Ijumaa.

Kila siku sasa ndani ya bwawa hilo tu naangalia ipi ina kitu leo. Voliumu ya leo ukilinganisha na kawaida yake. Zinatoka ishirini, thelathini. Hizo nafungua chati moja moja kwa macho, hapo hakuna skana. Naangalia spredi. Mfano hisa ya dola 40, ATR 1.40, spredi senti 2. Spredi ni kama asilimia moja na nusu ya mwendo wa siku, safi. Ile ya Mjukuu nadhani spredi ilikuwa kama senti 6?

Mjukuu_wa_Pangani
Nimeangalia leo, ni 3.52 na 3.58. Ndiyo senti 6. ATR imeshuka iko 0.20 sasa.

Bi_Hesabu
Sita kwa ishirini, asilimia 30. Unaingia mlangoni ushalipa karibu theluthi ya mwendo wa siku nzima, kabla hujajua uko sahihi au umekosea. Mimi ikizidi asilimia 5 natupa hata chati iwe nzuri namna gani. Na spredi hiyo pima soko likiwa limefunguka nusu saa, ukipima kabla ya kufunguka kila hisa itaonekana mbovu.

Mwisho nabaki na tano, sita, nane siku nzuri sana. Kuna siku mbili tu.

ChumaChaReli
Dada nikubali nikatae. Hayo ya mediani nakubali nitaanza kuyatumia na ile ya kuzidisha na bei umenibana. Lakini mtu mwenye akaunti ya dola 800 anahitaji hisa ya milioni 50 kwa siku ya nini? Oda yake ni ya dola 500. Hata hisa ya milioni 5 inamtosha.

Bi_Hesabu
Hapo una hoja na nakupa. Kwa ukubwa wa oda, milioni 5 inatosha, ni kama dola 12,800 kwa dakika, dola 500 yako hakuna anayeiona. Milioni 50 yangu ni ya ukubwa wangu na ya uvivu wangu, maana huko juu spredi huwa nyembamba sipati shida ya kutupa nyingi mwishoni. Mwenye akaunti ndogo ashuke hadi 5 au 10, ila spredi asisamehe. Spredi haijui akaunti yako ni ndogo.

Kioko_254
Hiyo ya kulinganisha voliumu ya leo na kawaida ndio inanichanganya. Mimi naskani saa kumi na moja jioni, soko limefunguka nusu saa, kila hisa inaonyesha 0.1, 0.2. Hakuna ina hata 1.

Bi_Hesabu
Kwa sababu unagawa voliumu ya nusu saa kwa voliumu ya siku nzima. Lazima ulinganishe nusu saa na nusu saa. Kama kawaida yake saa nne kamili asubuhi ya New York huwa imeshauza laki 3, na leo laki 9, hiyo ni mara tatu, hata kama kwa siku nzima kawaida ni milioni 3 na wewe unaona 0.3. Finviz yao imerekebishwa kwa muda wa siku. TradingView kuna safu mbili, `Relative Volume` na `Relative Volume at Time`, unataka ya pili. Wewe wa Python itabidi uhifadhi voliumu za kila dakika 5 za siku 20 nyuma, na usitumie wastani hapo pia 🙂

Kioko_254
Kazi imeongezeka lakini sawa. Kama iko 0.3 kwa nusu saa kumbe ni moto.

Mjukuu_wa_Pangani
Nina aibu kusema hili ila acha niseme isaidie mwingine. Novemba iliyopita wao waliporudisha saa nyuma mimi sikujua. Wiki nzima naskani saa kumi na nusu jioni kama kawaida, naona hisa zina voliumu nzuri naweka oda haziingii. Kumbe soko lilikuwa bado saa nzima halijafunguka na skana ilikuwa inanionyesha namba za jana yake.

ChumaChaReli
😂😂😂 wiki nzima??

Mjukuu_wa_Pangani
Siku nne. Ya tano nilikuwa msibani.

Fundi_Saa
Hii ya saa hata mimi ilinipata ila kwenye dhahabu

Mjukuu_wa_Pangani
Wakuu mrejesho. Jumapili nimefanya kama dada alivyosema ila kwa ukubwa wangu, mediani dola milioni 10, bei 10 hadi 60, `Volatility` ya mwezi zaidi ya asilimia 3. Finviz ilinipa nyingi sana kwa kuwa inatumia wastani, nikazishusha kwenye Excel kwa awamu. Kati ya 60 za kwanza nilizopitia, 11 wastani wao ulikuwa zaidi ya mara mbili ya mediani. Moja ilikuwa mara saba, nikafungua chati nikaikuta ile ile sura, mnara mmoja halafu jangwa. Zamani ningeinunua hiyo kabisa maana chati yake nzuri.

Jana jioni nimebaki na nne. Spredi zote chini ya asilimia 4 ya ATR. Sijanunua chochote, nimeangalia tu. Swali langu, kuna moja kampuni inatoa ripoti ya mapato Alhamisi baada ya soko kufungwa. Inabaki kwenye listi au naitoa?

ChumaChaReli
Baki nayo, ndiyo itatembea.

Bi_Hesabu
Itoe kabla ya Alhamisi kufunga, irudishe Ijumaa kama bado inapita. Usiku wa ripoti ATR haikuambii chochote, gepu halijali stopu yako.

ChumaChaReli
Dada wewe unatoa kila kitu chenye hela

Bi_Hesabu
Na wewe unabaki na kila kitu chenye gepu. Mjukuu utachagua mwenyewe.

Kioko_254
Mimi nilishika moja kwa ripoti mwaka jana ikafungua chini 18 asilimia. Toa hiyo kitu bro.

Mjukuu_wa_Pangani
Naitoa. Chuma nisamehe.

mwanahisa_mkongwe
Mwanangu Bi Hesabu, nimefanya ile ya daftari wiki mbili sasa. Kuna kaunta moja ninayo hisa zake nyingi, siku kumi za soko imeuzwa siku mbili tu. Hapo mediani yake si ni sifuri?

Bi_Hesabu
Ni sifuri mzee wangu. Unazo ngapi?